Kata Ipi Haina Sekondari?

Mwaka 2004 Tanzania ilianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES kwa kifupi, na katika miaka iliyofuata kila kata ikahimizwa kujenga sekondari yake. Ndipo "shule ya kata" ilipozoeleka midomoni mwa watu, wengine wakilitaja jina hilo kwa fahari na wengine kwa kejeli. Lakini ukiuliza leo ni kata zipi hazina sekondari hata moja, utashangaa jinsi swali hilo linavyowatoa watu jasho. Linaonekana la kuhesabu tu: chukua orodha ya shule, tazama kila moja imeandikwa kata gani, jumlisha, basi.

Tabu inaanzia kwenye hilo "imeandikwa kata gani". Orodha za shule huandikwa na watu, na majina ya kata yana mambo yake. Mmoja ataandika Mbagala Kuu, mwingine Mbagalakuu, wa tatu atafupisha M/Kuu. Kwa kompyuta hizo ni kata tatu. Halafu kuna majina yanayojirudia: kata ya Majengo iko Moshi, iko Dodoma, iko Songea. Ukijumlisha kwa jina peke yake, utaipata Majengo moja kubwa yenye shule za miji mitatu. Na kuna kata zilizogawanywa. Shule ilisajiliwa ikiwa kata mama, kata ikazaa nyingine, shule ikabaki upande wa kata mpya, na daftari halikuguswa. Kata mpya itaonekana haina shule, ilhali watoto wanaingia darasani humo kila asubuhi.

Kwa hiyo watu wa ramani hawaliulizi daftari. Wanaiuliza ardhi. Shule ina mahali pake, longitudo na latitudo zilizopimwa kwa GPS, kwa hiyo kwenye ramani ni nukta. Kata ina mpaka unaozunguka na kujifunga, kwa hiyo ni umbo lenye pembe nyingi, poligoni. Swali linageuka: nukta hii imo ndani ya poligoni ipi? Likijibiwa kwa kila shule, kuhesabu ni kazi ndogo. Kitendo hicho ndicho kuunganisha kwa mahali: majedwali mawili, moja la shule na moja la kata, yanaunganishwa kwa kutazama kitu kipo wapi, bila kujali kimeitwaje. GeoPandas, maktaba ya bure ya lugha ya Python, hukifanya kwa amri moja inayoitwa `sjoin`.

Kabla ya amri yenyewe, inafaa kujua kompyuta inatambuaje kwamba nukta imo ndani. Jicho la binadamu huona papo hapo. Kompyuta haina jicho, ina orodha ya pembe za mpaka tu. Njia inayotumika unaweza kuifanya kwa kalamu. Weka nukta ya shule kwenye karatasi yenye mpaka wa kata, kisha kutoka kwenye nukta hiyo chora mstari ulionyooka kuelekea upande mmoja, tuseme mashariki, mpaka utoke nje kabisa ya ramani. Hesabu mstari umekata mpaka mara ngapi. Ikiwa ni witiri, yaani mara 1, 3 au 5, shule imo ndani. Ikiwa ni shufwa, au haukukata kabisa, shule iko nje. Sababu yake ni nyepesi: kila unapokata mpaka unabadilisha upande, na mwisho wa safari lazima uwe nje. Mpaka uwe na vikono na mapengo kama pwani ya Kilwa, hesabu haibadiliki.

Sasa fikiria shule 5,000 na kata 4,000, ukubwa unaokaribia hali ya Tanzania Bara. Kuijaribu kila shule na kila kata ni majaribio milioni 20, na kata moja yenye mto kwenye mpaka wake inaweza kuwa na maelfu ya pembe. GeoPandas haifanyi hivyo. Kwanza huzungushia kila kata mstatili unaoigusa kwa kila upande, kisha huipanga mistatili hiyo katika makundi, na makundi ndani ya makundi. Shule ya Tandahimba haipotezi muda kwa kata za Ngara. Kundi zima la kaskazini-magharibi linaachwa kwa ulinganisho mmoja. Zinabaki kata mbili tatu ambazo mistatili yake inaigusa nukta, na hizo tu ndizo zinazopimwa kwa mstari wa mashariki. Ndiyo maana kazi yote humalizika kwa sekunde chache kwenye kompyuta ya kawaida ya ofisini.

Amri zenyewe ni hizi. Faili la kwanza lina mipaka ya kata, na kila kata ina kodi yake isiyorudiwa na nyingine. La pili ni orodha ya shule yenye safu za longitudo na latitudo.

```python
import pandas as pd
import geopandas as gpd

kata = gpd.read_file("kata.shp").to_crs("EPSG:32737")
orodha = pd.read_csv("shule.csv")

shule = gpd.GeoDataFrame(
    orodha,
    geometry=gpd.points_from_xy(orodha["longitudo"],
                                orodha["latitudo"]),
    crs="EPSG:4326",
).to_crs("EPSG:32737")

jibu = shule.sjoin(kata[["kodi", "geometry"]],
                   how="left", predicate="intersects")
```

Ile `points_from_xy` hugeuza namba mbili kuwa nukta. `EPSG:4326` ni kodi ya longitudo na latitudo za kawaida za GPS, na `EPSG:32737` ni ya mfumo wa mita unaofaa mashariki mwa Tanzania. Mstari wa mwisho ndio muungano. Jedwali linalotoka ni lile lile la shule, lakini sasa kila shule imebandikwa kodi ya kata iliyomo. Zingatia `how="left"`, maana yake ni "zibakize shule zote, hata zile zisizopata kata". Usipoiandika, GeoPandas huzitupa kimyakimya shule zisizoangukia popote.

Ili tuone hesabu ikienda na ikipotoka, tuibuni tarafa ndogo yenye kata nne za mraba, kila moja kilomita 5 kwa 5, zimepangwa mbili chini na mbili juu. Chini kushoto ni Mwembeni, chini kulia Kisimani, juu kushoto Bondeni, juu kulia Mlimani. Tuipe shule nane. Tatu ziko katikati ya Mwembeni. Moja iko Kisimani. Mbili ziko Mlimani. Ya saba imejengwa juu ya mpaka kabisa, kati ya Mwembeni na Kisimani. Ya nane namba zake zilikosewa kuandikwa, nukta yake ikaenda kuangukia kilomita 4 nje ya tarafa. Bondeni haina kitu.

Mtu mwenye haraka ataandika `sjoin` bila `how`, kisha ataomba idadi kwa kila kata. Atapata Mwembeni 4, Kisimani 2, Mlimani 2. Atajumlisha: 8. Shule alizoanza nazo ni 8. Atafunga kompyuta akanywe chai.

Namba imetimia, na hesabu ina makosa mawili. Shule ya mpakani imehesabiwa mara mbili, kwa sababu `intersects`, kigezo kinachotumika usipochagua kingine, huuliza tu kama nukta inaigusa poligoni, na nukta ya mpakani inazigusa zote mbili. Shule ya nane imetupwa. Moja imezidi, moja imepungua, na makosa hayo yamefichana. Katika tarafa yenye shule nane ungeyaona kwa macho. Katika nchi nzima, shule 60 zilizorudiwa na 55 zilizopotea zitakuachia tofauti ya tano tu, na tofauti ya tano haimnyimi mtu usingizi. Ndiyo maana kuangalia jumla peke yake hakutoshi. Yaliyorudiwa na yaliyopotea yanahesabiwa kila moja peke yake:

```python
print(len(shule), len(jibu))
print(jibu.index.duplicated().sum())
print(jibu["kodi"].isna().sum())
```

Kwa tarafa yetu mstari wa kwanza utatoa 8 na 9, wa pili 1, wa tatu 1. Sasa unajua kuna shule moja yenye kata mbili na shule moja isiyo na kata, na unaweza kuzitaja kwa majina.

Wapo wanaokimbilia kigezo cha `within` ili kuepuka kurudia. Nacho kina tabia yake: nukta iliyo juu ya mpaka wenyewe haihesabiwi kuwa ndani. Shule yetu ya saba haitakuwa Mwembeni wala Kisimani. Itaungana na ile ya nane kwenye kundi la waliopotea. Mimi napendelea `intersects` pamoja na ukaguzi, kwa sababu shule iliyorudiwa inakuonyesha kata zake mbili, ilhali iliyopotea haikuambii chochote. Na katika data halisi ni nadra nukta kukaa juu ya mstari kwa usahihi huo. Ukiona marudio mengi, mara nyingi kosa liko kwenye faili la mipaka: kata mbili zilichorwa kila moja kwa wakati wake, michoro ikapandana kwa upana wa mita chache au mia kadhaa, na shule zilizomo kwenye ukanda huo zina mabwana wawili. Michoro isipokutana kunabaki mwanya, na shule za kwenye mwanya hazina bwana. Kata za pwani na visiwa zina la kwao: mstari wa ufuko ukiwa umerahisishwa ili faili liwe jepesi, shule iliyojengwa karibu na maji itaonekana imo baharini au ziwani.

Tuirudie Bondeni, maana ndiyo iliyotufanya tuanze kazi hii. Kwenye majibu ya yule mwenye haraka Bondeni haikuonekana na sifuri. Haikuonekana kabisa. Orodha ya idadi ilijengwa kutokana na shule, na kata isiyo na shule haina cha kuiingiza kwenye orodha. Mwalimu anayeandika majina ya wanafunzi waliomo darasani, bila daftari la mahudhurio mkononi, hawezi kujua ni nani hayupo. Daftari letu ni jedwali la kata, na idadi lazima irudishwe humo:

```python
idadi = jibu.groupby("kodi").size()
kata["shule"] = kata["kodi"].map(idadi).fillna(0).astype(int)
```

Hapo kila kata inabaki, na ile isiyopata namba inapewa 0. Bondeni imerudi.

Kuna njia nyingine inayoonekana ya akili zaidi, nayo ndiyo mbaya kuliko zote. Mtu anasema: kwa kuwa nataka kata zote zibaki, ngoja nianze na kata badala ya shule.

```python
kata.sjoin(shule, how="left").groupby("kodi").size()
```

Majibu: Mwembeni 4, Kisimani 2, Bondeni 1, Mlimani 2. Bondeni imepata shule! Kilichotokea ni kwamba `how="left"` ilitii amri ikaibakiza Bondeni, kwa kuipa mstari mmoja wenye nafasi tupu mahali pa shule. Halafu `size` ikahesabu mistari, na mstari mtupu nao ni mstari. Kila kata isiyo na shule nchini itasomeka kuwa na moja. Hakuna onyo, hakuna maandishi mekundu, ramani itapakwa rangi vizuri, na ripoti itasema lengo limefikiwa kila mahali. Ukilazimika kupita njia hii, hesabu safu inayotoka kwenye shule badala ya mistari, yaani `["index_right"].count()`, kwa kuwa `count` huruka nafasi tupu. Dalili ya kosa hili ni moja na haifichiki: idadi ndogo kuliko zote kwenye jedwali zima ni 1, na hakuna sifuri hata moja. Nchi yenye maelfu ya kata isipokuwa na sifuri hata moja, tia shaka kabla ya kupiga makofi.

Makosa mengine hutoka kwenye namba zenyewe za mahali. Dar es Salaam iko karibu na longitudo 39.28 na latitudo -6.8. Amri ya `points_from_xy` hutaka longitudo kwanza, lakini watu wengi, na simu nyingi, hutaja latitudo kwanza. Zikibadilishana, shule ya Dar es Salaam inahamia magharibi mwa Hispania, si mbali na mpaka wa Ureno. Alama ya kutoa ikisahaulika mbele ya 6.8, inakwenda kusini mwa Ethiopia, upande wa milima ya Bale. Nafasi mbili zilizoachwa wazi na mtu akazijaza sifuri zinaipeleka kwenye Ghuba ya Guinea, mahali ambapo ikweta inakutana na mstari wa Grinwichi. Haya ni makosa mazuri, kwa maana kwamba yanajitangaza: ukichora nukta zote bila ramani ya chini utaona wingu kubwa Afrika Mashariki na vijidoa vya mbali, na kila eneo la mbali lina maelezo yake. Chora kwanza, hesabu baadaye.

Makosa ya karibu ndiyo yenye kudanganya. Namba yenye desimali mbili tu, kama 39.28, inaweza kusogeza nukta hadi zaidi ya nusu kilomita, kwani hatua moja ya desimali ya pili ni kama kilomita 1.1 kwa nchi zilizo karibu na ikweta. Katika kata ya Ngorongoro hilo halina madhara. Katika kata ndogo za katikati ya Dar es Salaam, Kariakoo au Gerezani, nusu kilomita inatosha kuihamisha shule kata ya jirani. Desimali nne zinakupa kama mita 11, na hapo unaweza kutulia. Angalia pia shule zenye namba zinazofanana kabisa. Shule tano haziwezi kusimama kwenye nukta moja. Yaelekea aliyejaza fomu aliweka mahali pa ofisi ya kata kwa shule zote.

Kisha kuna mifumo ya kupimia. Mipaka ikiwa kwenye mita na shule zikiwa kwenye digrii, Dar es Salaam ya faili moja iko karibu na 531,000 na 9,248,000, ya faili jingine 39.28 na -6.8. Hazitakutana kamwe, na kata zote zitapata sifuri. Hapa GeoPandas husema neno, lakini kwa upole, kisha huendelea na kazi:

```
UserWarning: CRS mismatch between the CRS of left geometries
and the CRS of right geometries.
```

Dawa ni `to_crs`, inayobadilisha namba kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, kama tulivyofanya juu. Isichanganywe na `set_crs`, ambayo haibadilishi namba hata moja. Inabandika tu lebo inayosema namba hizi ni za mfumo gani. Kubandika lebo ya uongo ni rahisi sana, na Afrika Mashariki tuna mtego wetu maalumu. Ramani za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zilipimwa kwa msingi uitwao Arc 1960, wakati GPS hutumia WGS 84. Namba za mifumo hii miwili zinafanana kwa sura, zote ni digrii au zote ni mita, lakini kwa Dar es Salaam zinapishana kwa zaidi ya mita 200. Mipaka iliyonakiliwa kutoka ramani ya zamani ikabandikwa lebo ya WGS 84 haitatoa onyo lolote. Shule zote zitahesabiwa, jumla itatimia, ila zile za pembezoni zitakuwa zimevuka mpaka, na zote kuelekea upande ule ule. Utagundua kwa kuweka mipaka juu ya picha ya setilaiti na kutazama mahali ambapo mpaka unafuata mto au barabara. Mstari ukikimbia sambamba na mto, umbali ule ule kilomita baada ya kilomita, umempata mwizi.

Lebo ikiwa sahihi na namba ikiwa safi, linabaki swali la umri wa mipaka. Mipaka ya kata iliyotumika kwa sensa ya 2012 haina Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, wala haizijui Ubungo na Kigamboni kama wilaya. Sensa iliyofuata ilikuwa Agosti 2022. Ukichukua shule za leo na kuziweka juu ya kata za 2012, kila hatua itakwenda sawa na jibu litakuwa la nchi ambayo haipo tena. Kenya nayo ina la kwake: wadi 1,450 za uchaguzi ni mipaka mingine kabisa na kata na kata ndogo ambazo sensa ya 2019 ilitolea takwimu. Anayetaka kugawanya idadi ya watoto kwa idadi ya shule lazima ahakikishe namba zote mbili ni za maumbo yale yale.

Sasa zile shule mbili za tarafa yetu. Ya mpakani haiamuliwi na kompyuta. Wapo wanaofuta mojawapo ya mistari miwili kwa `drop_duplicates`, lakini hiyo ni kuchagua kwa bahati nasibu: anayebaki ni aliyetangulia kwenye jedwali. Hapa ndipo daftari tulilolikataa mwanzoni linaporudi na faida yake. Kata iliyoandikwa na shule yenyewe ikiwa ni moja kati ya zile mbili, ichukuliwe hiyo. Hata kwa shule zisizo na tatizo, kulinganisha kata ya daftari na kata ya ramani ni ukaguzi bora kuliko wote ninaoujua. Zikipatana kwa sehemu kubwa, unaweza kuamini zote mbili. Zisipopatana, tazama mpangilio. Shule za wilaya moja tu zikipishana, pengine kata za huko ziligawanywa. Zikipishana zilizo kando ya mipaka nchi nzima, rudi kwenye mifumo ya kupimia.

Kwa zile zilizoangukia kwenye mwanya au majini, kuna amri ya kutafuta kata ya karibu zaidi, yenye kikomo cha umbali:

```python
zilizobaki = shule[jibu["kodi"].isna().groupby(level=0).all()]
karibu = zilizobaki.sjoin_nearest(kata[["kodi", "geometry"]],
                                  max_distance=200,
                                  distance_col="mita")
```

Kikomo cha mita 200 kina maana kwa sababu tulishabadilisha kila kitu kuwa mita. Kwenye digrii, 200 ingekuwa dunia nzima. Usiache amri hii bila kikomo. Shule yetu ya nane, iliyo kilomita 4 nje, ingepewa kata iliyo karibu nayo, na pengine ingekuwa Bondeni. Sifuri yetu ingefutwa na kosa la kuandika. Kwa kikomo, shule ya nane inabaki bila kata, na mtu anapiga simu shuleni kuomba namba sahihi.

Bondeni basi ina sifuri ya kweli. Hata hivyo sifuri hiyo inasema jambo moja tu: hakuna sekondari iliyosimama ndani ya mstari huu. Kuna Bondeni ambayo watoto wake wanavuka barabara na kuingia sekondari ya Mwembeni iliyo mita 300 kutoka mpakani. Kuna Bondeni nyingine ambayo sekondari ya karibu iko kilomita 14, na katikati kuna bonde linalofurika kila masika. Kuhesabu nukta ndani ya poligoni haziwezi kuzitofautisha hizo mbili, kwa kuwa kwa poligoni mpaka ni ukuta, na kwa mtoto anayetembea si kitu. Zaidi ya hayo, kata zenyewe hazilingani. Kata ya wafugaji inaweza kuwa na ukubwa wa kata kumi za mjini, na shule yake moja, iliyohesabiwa kwa haki kabisa, ikawa mbali na vitongoji vingi kuliko shule yoyote ilivyo mbali na Bondeni ya kwanza.

Kwa hiyo ukiwa na orodha ya kata zenye sifuri, hatua inayofuata ni kuchukua vijiji vya kata hizo, navyo kama nukta, na kuvipimia umbali hadi sekondari iliyo karibu bila kujali kata, kwa `sjoin_nearest` hiyo hiyo. Umbali utakaopata ni wa ndege, hauoni mto wala mlima, na penye Rufiji au korongo lolote lisilo na daraja itabidi mtu anayepajua aulizwe. Orodha ikipangwa upya kwa umbali huo, baadhi ya kata za sifuri zitashuka chini kabisa, na kata chache zenye shule moja zitapanda juu yake.